Maikrosporidia: Kimelea cha Utumbo Kisichoonekana Bila Rangi Yake

Mtu anayeishi na VVU anaharisha kwa wiki ya sita sasa. Choo chake ni maji matupu, hakina damu wala makamasi, na humjia mara tano hadi nane kwa siku, hasa akishakula. Homa hana. Mwili unakwisha na nguo zinampwaya. Amepima choo mara mbili, na mara zote mbili majibu yamesema kwamba hakuna kimelea kilichoonekana. Mgonjwa huyu ni wa mfano, lakini waganga waliohudumia wodi za UKIMWI wanamfahamu vizuri. Majibu yake huenda ni ya kweli kabisa: mpimaji alitazama, hakuona kitu. Na bado utumbo wa mgonjwa unaweza kuwa umejaa vimelea.

Kinachoshukiwa hapa ni maikrosporidia. Hili ni kundi kubwa la vimelea vya seli moja wanaoishi ndani ya seli za viumbe wengine: wadudu, samaki, ndege, wanyama na binadamu. Sayansi ilianza kuwafahamu mwaka 1857, pale kimelea cha aina hiyo kilipopewa jina baada ya kukutwa kikiua nondo wa hariri huko Ulaya. Kwa muda mrefu wataalamu waliwahesabu kuwa protozoa. Leo, baada ya kuchunguza vinasaba vyao, wanawekwa karibu na fangasi.

Yule anayewasumbua zaidi wagonjwa wa utumbo anaitwa Enterocytozoon bieneusi. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1985, baada ya kukutwa kwenye utumbo wa mgonjwa wa UKIMWI kutoka Haiti aliyekuwa akitibiwa Ufaransa. Wa pili kwa umuhimu ni Encephalitozoon intestinalis. Wote wawili humwingia mtu kwa mdomo, kupitia maji, chakula au mikono iliyogusa kinyesi cha mtu au mnyama mwenye vimelea.

Kumeza kimelea hiki hakumaanishi kuugua. Watafiti waliochunguza watoto katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002, waliwakuta na E. bieneusi takriban 17 katika kila watoto 100 waliokuwa wakiharisha. Lakini kwa watoto ambao hawakuharisha, kiwango kilikuwa karibu kilekile. Tofauti huletwa na kinga ya mwili. Mtu mwenye kinga imara ama haoni dalili yoyote, ama huharisha kwa siku chache kisha akapona mwenyewe. Aliye hatarini ni mwenye VVU ambaye CD4 zake zimeshuka chini ya 100, mtu aliyepandikizwa figo au ini na anayemeza dawa za kushusha kinga, au mgonjwa wa saratani aliye kwenye dawa kali.

Kwa watu hao, kimelea huzaliana bila kuzuiwa katika seli zinazofunika kuta za utumbo mwembamba. Seli zilizoshambuliwa hufa na kung'oka, na vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula hufupika na kutandama. Ndiyo maana mgonjwa anakula lakini hanenepi, na ndiyo maana choo hakina damu: ukuta wa utumbo haukuchimbika vidonda, umepoteza tu uwezo wake wa kufyonza.

Sasa turudi kwenye swali la kwa nini mpimaji hakuona kitu. Jibu liko kwenye spora, yaani umbo ambalo kimelea hulivaa anapotoka nje ya mwili. Spora ya E. bieneusi ina umbo la yai na urefu wa mikroni 1 hadi 1.5 hivi. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe nyekundu ya damu, ambayo nayo haionekani kwa macho, ina upana wa mikroni 7 au 8. Kwa hiyo spora inakaribiana kwa ukubwa na bakteria, na kinyesi kimejaa bakteria. Choo kikichanganywa na tone la maji ya chumvi na kutazamwa kwa njia ya kawaida, mayai ya minyoo yataonekana, giardia na amiba wataonekana, lakini spora itapotea katikati ya vumbi la bakteria.

Ndani ya umbo hilo dogo kuna mtambo wa ajabu. Ukuta wa spora una tabaka mbili. La nje ni la protini. La ndani ni nene na limejengwa kwa khitini, ileile inayofanya magamba ya wadudu kuwa magumu. Ukuta huu ndio unaoiwezesha spora kudumu nje ya mwili, hasa penye unyevu, bila kuharibika. Sehemu moja tu ya ukuta ni nyembamba, nayo ni ile ya kichwani.

Chini ya kichwa hicho kimefungwa mrija mrefu, uliojiviringisha mara kadhaa kuizunguka sehemu ya ndani ya spora. Katika E. bieneusi mizunguko hiyo ni mitano hadi saba na imepangwa kwa safu mbili; katika E. intestinalis imepangwa kwa safu moja. Tofauti hiyo huonekana kwa darubini ya elektroni peke yake, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotumika kutenganisha spishi hizi. Upande wa mkiani kuna kifuko. Spora inapofika kwenye utumbo mwembamba, maji huingia kwa kasi, kifuko huvimba na msukumo hupanda ndani. Ukuta hupasuka pale kichwani, na mrija hufyatuka ukijigeuza ndani nje kama soksi, kwa muda usiofika sekunde mbili. Ncha yake ikifika kwenye seli ya utumbo, kiini cha kimelea hupita ndani ya mrija na kumiminwa katika seli hiyo. Humo huanza kuzaliana na kutengeneza spora mpya, ambazo hutoka na kinyesi.

Ukuta huohuo unaoilinda spora ndio unaompa kazi mpimaji, kwa kuwa rangi za kawaida za maabara haziupenyi vizuri. Mwaka 1992, Rainer Weber na wenzake walichapisha njia iliyobadilisha mambo. Walichukua rangi ya trikromi, ambayo maabara zilikuwa zikiitumia kwa vimelea wengine, wakaongeza kiasi cha kromotropu 2R, yaani rangi nyekundu iliyomo, hadi mara kumi ya kile cha kawaida. Kisha wakaacha slaidi ndani ya rangi kwa muda mrefu.

Hatua zake ni hivi. Choo huchanganywa na formalini ya asilimia 10, sehemu moja ya choo kwa sehemu tatu za formalini. Mikrolita 10 hadi 20 za mchanganyiko huo, ambazo hazifiki hata tone moja zima, hupakwa kwenye slaidi kwa utando mwembamba sana na kuachwa zikauke. Slaidi hutiwa kwenye methanoli kwa dakika 5 ili utando ushike. Kisha hukaa katika rangi ya kromotropu kwa dakika 90. Ikitoka, huoshwa kwa pombe yenye asidi kwa sekunde chache tu, takriban 10, halafu hupitishwa katika pombe kali na hatimaye zailini, ikauke na kusomwa.

Usomaji hufanywa kwa lensi ya mafuta, inayokuza mara 1000. Sehemu kubwa ya slaidi huonekana ya kijani, pamoja na bakteria wengi na mabaki ya chakula. Spora huonekana kama yai dogo lenye rangi ya waridi iliyokolea, ukuta wake ukiwa umekoza zaidi, na katikati kukiwa na sehemu nyeupe isiyopokea rangi. Dalili inayomtuliza mpimaji ni mkanda: baadhi ya spora huwa na mstari mwekundu unaokatiza tumbo, wima au kwa mshazari. Bakteria hawana mkanda huo.

Makosa huja kwa njia tatu. La kwanza ni utando mnene. Rangi hunasa humo, kila kitu huwa chekundu, na spora hazitenganishiki na uchafu. La pili ni muda wa kuosha. Ukizidishwa, spora nazo hupoteza rangi. Ukipunguzwa, bakteria hubaki wekundu. Hapo ndipo umuhimu wa slaidi ya mfano unapoonekana, yaani slaidi yenye spora zinazojulikana ambayo hupakwa rangi sambamba na ile ya mgonjwa. Kama spora za slaidi ya mfano hazikushika rangi, majibu ya mgonjwa hayafai kutolewa. Kosa la tatu ni hamira. Seli za hamira nazo hushika wekundu na zina umbo la yai, lakini ni kubwa zaidi, mara nyingi mikroni 3 au zaidi, na nyingine huonekana zikichipua. Asiyepima ukubwa atazihesabu kuwa maikrosporidia.

Ipo pia rangi ya kalkofluori, inayoshikamana na khitini na kung'aa bluu nyeupe chini ya mwanga wa urujuanimno. Hii humaliza kazi kwa dakika chache na hurahisisha kutafuta, ila hamira nayo hung'aa vilevile. Kwa sababu hiyo maabara nyingi zenye vifaa huitumia kuchuja, kisha huthibitisha kwa kromotropu.

Hata hivyo rangi hizi zote zina mpaka wake. Zinasema tu kwamba maikrosporidia wapo. Ni spishi gani, haziwezi kusema kwa uhakika. Hilo hupatikana kwa kipimo cha vinasaba cha PCR, au kwa darubini ya elektroni. Na spishi ndiyo inayoamua dawa. E. intestinalis husikia albendazoli, kwa kawaida miligramu 400 mara mbili kwa siku kwa wiki kadhaa. E. bieneusi haisikii vizuri dawa hiyo. Fumagilini huiweza, lakini inaweza kushusha chembe sahani za damu, na katika nchi nyingi haipatikani. Kwa mwenye VVU, tiba yenye nguvu kuliko zote ni ARV zenyewe. CD4 zikipanda, kuharisha hupungua na mara nyingi vimelea hutoweka kwenye choo.

Kwa yule mgonjwa wetu wa mfano, hatua inayofuata ni kupeleka maabara sampuli mpya za choo, ikiwezekana tatu za siku tofauti kwa kuwa spora hazitoki kila siku kwa wingi uleule, na kuandika wazi kwenye fomu kwamba inatafutwa maikrosporidia. Rangi ya Ziehl-Neelsen, inayotumika kutafuta kriptosporidiamu, haichukui nafasi ya kromotropu.

Kama una kinga dhaifu na umeharisha zaidi ya wiki mbili, usinunue dawa ya kufunga choo na kukaa nyumbani. Nenda kliniki, uliza CD4 zako ni ngapi, na uliza choo chako kimepimwa kwa rangi gani. Chemsha maji ya kunywa na nawa mikono kwa sabuni. ARV usiache hata siku moja, kwa sababu bila hizo hakuna dawa nyingine ya kimelea hiki itakayokufaa kwa muda mrefu.