Unadai pesa yako, mbona unaomba msamaha?

Umemaliza kazi. Mabango matatu ya duka la nguo, mteja akayapenda, akayabandika hadi kwa ukurasa wao. Mwezi umeisha na pesa haijaingia. Unachukua simu, unaandika, unafuta, unaandika tena. Mwishowe unatuma hii:

“Habari Madam. Samahani kwa kukusumbua, najua uko bizi sana. Nilikuwa tu nataka kuuliza kidogo kuhusu ile pesa ya mabango, kama hutajali. Nadhani ilikuwa iingie mwisho wa mwezi, ama labda nimekosea. Samahani tena.”

Jibu linakuja baada ya siku mbili: “Sawa.” Sawa nini sasa?

Isome tena kama wewe ndiye Madam. Kiasi cha pesa hakipo. Tarehe haipo. Hakuna mahali umemwambia afanye nini. Kilichojaa humo ni woga wako, na yeye hana deni na woga wako.

Anza na “samahani”. Neno hilo ni la mtu aliyekosea. Kama ulichelewesha kazi kwa wiki moja, liandike, tena mapema. Kama unampigia mtu saa tano usiku, litumie. Lakini anayedaiwa hapa ni nani? Ukitubu mara mbili kwa meseji moja, unamfanya mteja aone kudai kwako ndiyo kosa.

Kisha kuna “nilikuwa tu nataka”. Kitenzi umekipeleka wakati uliopita, ni kama haja yenyewe ilishapita na sasa unasimulia. Halafu “tu” na “kidogo” zinakuja kuipunguza zaidi. Si kwamba “tu” ni neno baya. Ukisema “imebaki logo tu”, lina kazi: ukilitoa, maana inabadilika. Kwa “nilikuwa tu nataka kuuliza”, litoe na hakuna kitu kitapotea. Hicho ndicho kipimo chenyewe. Futa neno, soma kwa sauti. Maana ikibaki ile ile na heshima ikibaki, liache nje.

“Nadhani” ndilo la hatari zaidi kwa mambo ya pesa. “Nadhani tulikubaliana mwisho wa mwezi” ni mlango umemfungulia mtu akujibu, “Hapana, tulisema mwezi ujao.” Kabla ya kuandika, rudi kwa mazungumzo yenu ya WhatsApp, utafute ile siku mlipatana, usome. Ukishaona tarehe, hudhani tena, unajua. Lakini usilifute pale ambapo kweli huna uhakika. Kama mwenye kuchapisha hajathibitisha, “nadhani yatakuwa tayari Jumanne” ni ukweli, na ukiliondoa umeahidi kitu usichokishika.

Sasa tazama meseji hiyo hiyo ikiwa safi:

“Habari ya asubuhi, Madam. Nilikukabidhi mabango matatu tarehe 12 Mei, na tulipatana 18,000 ziingie kufikia tarehe 31. Bado sijazipokea. Naomba uzitume kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Kama kuna mtu mwingine anayeshughulikia malipo, nipe namba yake nimfuate. Asante.”

Umeona “naomba” imebaki, na salamu pia. Wengi wakishasoma ushauri wa mtandaoni ulioandikwa kwa Kiingereza huja na fagio, wanafagia kila kitu hadi wanaandika “Nitumie pesa yangu leo.” Hiyo kwa Kiswahili ni amri, na sisi wa Nairobi tayari watu wa Pwani wanatuona hatuna adabu kwa jinsi tunavyosema “nipe chai”. “Naomba” haikushushi. Ni namna ya kawaida ya kuitisha kitu, hata kitu kilicho chako. Na kama mteja ni mjomba wako au mzee wa mtaa, muulize hali ya nyumbani kwanza. Ukiruka hapo, hata hoja nzuri itasikika kama ugomvi.

Ukitaka kujua tabia yako, fungua WhatsApp, uandike “samahani” pale pa kutafuta, uangalie zile ulizotuma wewe. Kwa kila moja jiulize ulikuwa umemkosea nani.

Meseji safi haimpi mteja pesa ambayo hana. Itakachofanya ni kumwacha na majibu machache: atume, ataje siku, ama akutajie mhasibu. Akirudi tena na “Sawa” kavu, usianze upya na maelezo. Andika mstari mmoja: “Asante Madam. Nitarajie siku gani?”