Kukagua malipo ya bima ya matibabu kabla ya kutia sahihi

Mwenye bima ya kibinafsi akilipa bili ya hospitali kwa fedha zake kisha akadai kurejeshewa, mara nyingi jibu huja na kiasi kilicho chini ya risiti zake. Hilo peke yake si kosa. Mkataba wa bima huwa na makato yake halali, na kinachofaa kukaguliwa ni kama makato hayo yamefanywa kwa mpangilio ulioandikwa mkatabani. Mpangilio ukibadilika, tofauti inaweza kuwa maelfu ya shilingi.

Makato yenyewe ni matatu. La kwanza ni ekses, yaani kiasi maalum ambacho mwenye bima hujibebea mwanzo kabla kampuni haijaanza kulipa. La pili ni mchango wa mgonjwa, ambao wahudumu wengi huuita kopei. Huu huweza kuwa kiasi maalum kila anapotibiwa au asilimia fulani ya gharama. La tatu ni kikomo, kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni italipa kwa huduma fulani au kwa mwaka mzima.

Tuchukue mfano wa mama mfanyabiashara sokoni aliyefanyiwa upasuaji wa uvimbe wa kizazi. Bili ilikuwa shilingi 186,000. Ndani yake kulikuwa na shilingi 6,000 za chakula cha mgeni na vitu vya matumizi binafsi, ambavyo bima yake haigharamii. Zikabaki shilingi 180,000. Mkataba wake una ekses ya shilingi 10,000, mchango wa asilimia 10, na kikomo cha upasuaji cha shilingi 150,000.

Ikiwa mkataba unasema makato hutolewa kwenye gharama, na kikomo ni kiasi cha juu ambacho kampuni italipa, hesabu huanza na 180,000. Ondoa ekses ya 10,000, zinabaki 170,000. Asilimia 10 ya hizo ni 17,000, kwa hivyo zinabaki 153,000. Hapo ndipo kikomo kinapoingia, na kampuni inalipa shilingi 150,000.

Lakini kampuni ikianza na kikomo, gharama inashushwa kwanza hadi 150,000. Ukiondoa ekses zinabaki 140,000, na asilimia 10 ya hizo ni 14,000. Mama analipwa shilingi 126,000. Bili ni ile ile na viwango ni vile vile, lakini amepungukiwa na shilingi 24,000.

Ipi ni sahihi? Maneno ya mkataba ndiyo yanayoamua. Mtu atafute sehemu inayoeleza kikomo. Ikisema kwamba kampuni haitalipa zaidi ya kiasi hicho, maana yake ya kawaida ni kwamba kikomo huja mwisho. Ikisema kwamba ekses na mchango vitatolewa kwenye kikomo, hesabu ya pili ina msingi. Maneno yakiwa hayako wazi, mteja ana haki ya kuuliza kampuni imetumia kifungu kipi.

Kikomo kina mtego mwingine. Mara nyingi ni cha mwaka mzima, na huenda familia yote inakitumia pamoja. Kama mama huyu angekuwa tayari amelipiwa shilingi 40,000 za upasuaji mwaka huo, zingebaki 110,000 tu, hata hesabu iwe sahihi namna gani. Basi ni vyema kuomba taarifa ya matumizi ya mwaka na kuona kama kila malipo yaliyomo ni ya kweli. Ekses nayo iangaliwe ni ya kila dai au ya mwaka mara moja. Hospitali ikitoa ankara mbili kwa ugonjwa mmoja, moja ya daktari na nyingine ya kitanda, kampuni inaweza kuzihesabu kama madai mawili na kukata 20,000 mahali pa 10,000.

Yote haya yafanywe kabla ya kutia sahihi hati ya kukubali malipo. Baadhi ya hati hizo husema kwamba fedha zinazotolewa ndizo malipo kamili na ya mwisho, na akishasaini mteja huwa na kazi ngumu kudai kilichobaki. Mteja aombe kwanza mchanganuo wa maandishi unaoonyesha kila kato na kifungu chake. Jumla pekee haitoshi kukagulia.

Ikiwa hesabu hailingani na mkataba, malalamiko yapelekwe kwanza kwa kampuni kwa maandishi. Lisiposuluhishwa, Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, hupokea malalamiko ya wenye bima. Mlalamishi aambatanishe nakala ya mkataba, bili na risiti, mchanganuo wa kampuni, na hesabu yake mwenyewe ikiwa imeandikwa hatua kwa hatua.