Barua ya kudai marejesho ya VAT na karatasi inayoambatana nayo

Msafirishaji wa bidhaa nje ya nchi ana kisa cha pekee katika sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile ambayo kila mtu anaiita VAT. Akiuza nje hamtozi mteja wake kodi hiyo hata shilingi, kwa kuwa mauzo ya nje yana kiwango cha sifuri. Lakini akinunua vifungashio, akilipa umeme na kodi ya pango la ghala hapa Tanzania Bara, hukatwa asilimia 18. Kila mwezi, basi, anajikuta amelipa kodi ya manunuzi nyingi kuliko kodi ya mauzo aliyokusanya, na tofauti hiyo ni fedha yake iliyokaa serikalini.

Sifuri hapa si sawa na msamaha. Mwenye bidhaa zilizosamehewa hatozi kodi, ila pia hana haki ya kudai aliyolipa kwenye manunuzi; inamezwa ndani ya gharama zake. Mwenye kiwango cha sifuri hatozi, na anarudishiwa. Kwa kawaida kodi iliyozidi husogezwa mbele kwa miezi sita kabla ya kuombewa marejesho. Aliye na nusu au zaidi ya mauzo yake katika kiwango cha sifuri halazimiki kusubiri hivyo. Anaweza kuomba mara tu anapowasilisha ritani ya mwezi. Mamlaka ya Mapato, TRA, ina siku 90 tangu kupokea maombi kuyatolea uamuzi.

Siku hizo zikipita kimya, ndipo barua inapoandikwa. Nyingi nilizoziona zina kasoro moja: zinalalamika vizuri na kukokotoa vibaya. Kurasa mbili zinaeleza jinsi biashara inavyodhoofika na wafanyakazi wanavyodai mishahara, kisha kiasi kinachodaiwa kinatajwa mara moja tu, bila kuonyesha kilikotoka. Ofisa anayeipokea hawezi kuidhinisha huzuni. Anachoweza kuidhinisha ni hesabu aliyoihakiki, na kama hajaiona ataiweka barua juu ya faili na kuendelea na mwingine.

Tuchukue mfano wa kutunga, wenye tarakimu za kufundishia tu. Mfanyabiashara wa Muheza, mkoani Tanga, ananunua iliki, mdalasini na pilipili manga kwa wakulima wa milima ya Amani, anakausha, anasaga na kufungasha. Mauzo yake yamevuka shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiwango kinacholazimu kusajiliwa VAT tangu Julai 2023. Mwezi Oktoba aliuza nje viungo vya shilingi 84,000,000, na katika maduka ya nchini vya shilingi 16,000,000 kabla ya kodi. Mauzo ya nje ni asilimia 84, hivyo nusu ameivuka kwa mbali. Kwenye ritani alijaza kodi ya manunuzi 9,900,000 na kodi ya mauzo 2,880,000. Akaomba arudishiwe 7,020,000. Maombi yalipokelewa tarehe 20 Novemba. Siku 90 zikatimia 18 Februari, na jibu hakuna.

Kabla ya kuandika barua, mhasibu wake alizitoa risiti zote za Oktoba na kuzipanga upya mezani. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Barua ni dakika kumi baadaye.

Ya kwanza kutoka ilikuwa risiti ya dizeli ya jenereta, shilingi 2,360,000. Karani alikuwa ameigawa kwa 118 na kuzidisha kwa 18, akapata kodi ya 360,000. Kanuni hiyo ni sahihi kwa risiti yenye VAT ndani yake, ila dizeli na petroli zimesamehewa VAT. Hakuna kodi iliyolipwa, na isiyolipwa hairudishwi. Ya pili ilikuwa matengenezo ya gari dogo la ofisi, yenye kodi 180,000. Kodi hiyo ililipwa kweli, lakini sheria inakataza kudai kodi ya gari la abiria, vipuri vyake na matengenezo yake, isipokuwa kwa anayefanya biashara ya magari hayo. Ya tatu ndiyo inayouma: katoni za vifungashio, kodi 270,000, fedha ililipwa na mzigo ukapokelewa, ila risiti ya mashine ya EFD haina jina la mnunuzi, TIN wala namba yake ya VAT, VRN. Kwa ofisa, risiti hiyo ni ya mtu yeyote.

Jumla ya tatu hizo ni 810,000. Ingewezekana kunyamaza na kungoja TRA izikate yenyewe. Naona ni kosa. Ofisa akikuta dizeli ndani ya dai, hataishia kwenye dizeli. Ataanza kuzitilia shaka risiti zote, na ukaguzi wa siku moja unakuwa wa mwezi. Anayejipunguzia mwenyewe huacha dai dogo lisilo na pa kushikwa. Kiambatisho kikawa hiki:

Hesabu ya marejesho, Oktoba (shilingi)

Vifungashio vyenye risiti kamili: 19,500,000, kodi 3,510,000
Mashine ya kusagia iliyoagizwa nje: 25,000,000, kodi iliyolipwa forodhani 4,500,000
Pango la ghala: 3,500,000, kodi 630,000
Umeme: 2,500,000, kodi 450,000
Jumla ya kodi ya manunuzi: 9,090,000
Toa kodi ya mauzo ya nchini, 16,000,000 kwa asilimia 18: 2,880,000
Kiasi kinachodaiwa: 6,210,000

Msomaji makini ataona kwamba viungo vyenyewe, vilivyonunuliwa kwa wakulima, havimo. Mazao ghafi ya shambani yamesamehewa VAT, na mkulima wa Amani hana VRN. Gharama kubwa kuliko zote katika biashara hii haileti hata senti ya marejesho, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani asilimia 18 inahesabiwa kwenye kila kilichotumika.

Kila mstari una namba ya kiambatisho chake. Kwa mashine, ni hati ya forodha ya kuingizia, ile TANSAD, pamoja na uthibitisho wa malipo benki. Upande wa mauzo ya nje ndio mgumu zaidi, kwa sababu kiwango cha sifuri hakitokani na neno la muuzaji, kinatokana na ushahidi kwamba mzigo uliondoka: TANSAD ya kusafirishia, hati ya shehena ya kampuni ya meli, ankara, na fedha iliyoingia benki. Hizo nne zinatakiwa kusimulia jambo lile lile, na mara nyingi hazisimulii. Katika mfano wetu, ankara ilikuwa ya dola 33,600 na TANSAD ikaonyesha 31,600. Hakuna udanganyifu hapo. Ankara ilikuwa kwa bei ya CIF, yaani pamoja na nauli ya meli na bima. Hati ya forodha iliandika bei ya FOB, mzigo ukiwa umepakiwa tu. Dola 2,000 ni nauli na bima. Sentensi moja ya maelezo chini ya hesabu, na nakala ya ankara ya kampuni ya meli, inamaliza swali ambalo lingerudishwa kwa barua nyingine wiki tatu baadaye.

Hapo ndipo barua yenyewe inapoandikwa, na inatosha kurasa moja:

YAH: MAREJESHO YA VAT YA MWEZI OKTOBA, SH. 6,210,000

Husika na somo tajwa hapo juu.

Maombi yetu ya marejesho yalipokelewa na ofisi yako tarehe 20 Novemba (nakala ya uthibitisho, Kiambatisho A). Siku 90 za kutoa uamuzi zilikamilika tarehe 18 Februari na hatujapokea uamuzi wala hoja ya ukaguzi.

Tumepitia upya risiti zetu. Tunaondoa katika dai sh. 540,000 za dizeli na matengenezo ya gari la abiria, na sh. 270,000 ambazo risiti yake haina taarifa zetu. Tunaomba ritani ya Oktoba irekebishwe ipasavyo. Hesabu mpya ni Kiambatisho B.

Hatuna deni la kodi nyingine. Tunaomba kiasi hicho kilipwe katika akaunti ya benki iliyosajiliwa. Endapo kuna risiti inayohitaji uhakiki zaidi, tunaomba itajwe kwa namba, na kiasi kisicho na hoja kiachiliwe wakati uhakiki ukiendelea.

Aya ya mwisho ndiyo ninayoipenda. Sababu ya kawaida ya kuchelewa ni kwamba ofisa anahakiki pia upande wa pili: je, aliyeuza katoni alizitaja kwenye ritani yake na kuilipa kodi ile? Hofu hiyo ina msingi, maana risiti za bandia zimewahi kutumika kudai kodi ambayo haikuwahi kulipwa. Lakini muuzaji mmoja asiyewasilisha ritani anaweza kuzuia faili zima. Kuomba hoja itajwe kwa namba ya risiti kunalitenga tatizo la 630,000, au la kiasi chochote kile, na kuyaacha mengine yapite. Sentensi ya deni nayo haikuwekwa kwa mapambo: marejesho hukatwa kwanza kufidia kodi nyingine anayodaiwa mlipakodi. Aandike hivyo akiwa ameshaangalia akaunti yake kwenye mfumo wa TRA, asije akajibiwa kwa deni la kodi ya mishahara alilolisahau.

Kuhusu gharama ya kuchelewa, sipingi kuitaja, ila iwe kwa tarakimu. Kama fedha hiyo imezibwa kwa mkopo wa benki wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, 6,210,000 zinamgharimu 93,150 kila mwezi. Sentensi hiyo ina uzito kuliko ukurasa wa malalamiko.

Barua ipelekwe kwa Meneja wa Mkoa, na nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ikijibiwa kwa kukataliwa, uamuzi huo unaweza kuwekewa pingamizi ndani ya siku 30, kisha Bodi ya Rufaa za Kodi ipo mbele. Ikikaa kimya tena, kuna Msuluhishi wa malalamiko ya kodi, ambaye kazi yake ni mambo ya huduma na utaratibu kama ucheleweshaji huu, na kitu cha kwanza cha kumpelekea ni hiyo nakala yenye muhuri.

Zimebaki 270,000 za katoni. Mhasibu arudi kwa muuzaji amtolee risiti sahihi, na aidai kwenye ritani ya mwezi atakaoipata, mradi miezi sita ya kudai kodi ya manunuzi haijapita. Zile 6,210,000, kwa upande mwingine, zisionekane tena kwenye ritani yoyote. Wapo wanaoomba marejesho kisha wakaendelea kusogeza kiasi kile kile mbele mwezi hadi mwezi, fedha moja ikadaiwa mara mbili. Mfumo ukiona hivyo, faili linahamia meza ya ukaguzi.