Mwangwi wa Simu: Kosa la Kule, Kero ya Huku

Unampigia dada yako aliyeko Muskati. Unasema, "Shikamoo, dada," na kabla hajaitikia, sauti yako mwenyewe inakurudia sikioni: "Shikamoo, dada." Unababaika na kunyamaza. Naye akiona kimya anauliza, "Upo?" Na hilo "upo" linakufikia safi kabisa, kwa sababu yeye hasikii mwangwi wowote. Unaigeuzageuza simu yako, unaipuliza, unaishuku. Simu yako haina kosa. Mwangwi unaousikia umezaliwa kule aliko dada.

Jambo la kushangaza ni kwamba simu kurudisha sauti si ajabu. Simu za mezani zimekuwa zikifanya hivyo tangu zamani. Waya uliotoka nyumbani hadi kituo cha simu ulikuwa jozi moja ya nyaya, na jozi hiyo ilibeba sauti za pande zote mbili kwa pamoja. Safari ikiwa ndefu, sauti hufifia na huhitaji kuongezewa nguvu njiani, na kikuza sauti hufanya kazi kuelekea upande mmja tu. Kwa hiyo njia za mbali zilikuwa na jozi mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Mahali jozi moja inapokutana na jozi mbili palifungwa kifaa ambacho mafundi hukiita haibridi. Kazi yake ni kuipeleka sauti iliyotoka mbali kwa msikilizaji bila kuiachia ivuje na kuingia kwenye njia ya kurudi.

Haibridi ingeifanya kazi hiyo kikamilifu kama ingejua sawasawa tabia ya umeme ya waya uliounganishwa nayo. Lakini nyumba moja iko mita 300 kutoka kituoni, nyingine kilomita nne, nyingine ina simu tatu kwenye waya mmoja. Haibridi hukadiria tu, na pale makadirio yanapokosea, sehemu ya sauti huvuja na kumrudia msemaji.

Mbona basi hatukuusikia mwangwi tulipompigia jirani? Ni kwa sababu ulirudi haraka mno. Katika waya wa kilomita chache, sauti huenda na kurudi kwa muda usiofika hata milisekunde moja, na sekunde moja ina milisekunde elfu. Zaidi ya hayo, simu imeundwa makusudi ikusikilizishe kidogo sauti yako unapoongea, usidhani imekufa. Mwangwi unaowahi hujificha ndani ya sauti hiyo na sikio haliutenganishi. Ukichelewa kiasi cha milisekunde 25 au 30 hivi, huanza kujitenga. Kadiri unavyozidi kuchelewa, ndivyo hata mwangwi hafifu unavyoudhi.

Setilaiti ndizo zilizouweka mwangwi huo hadharani. Kituo cha Longonot nchini Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1970, kiliunganisha simu za Afrika Mashariki na dunia kupitia setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni kilomita 72,000. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo sauti hutumia takriban robo sekunde kufika, na mwangwi wake robo nyingine kurudi. Jumla ni nusu sekunde, karibu muda wa kutamka "shikamoo". Ukimaliza neno, mwanzo wake ndio kwanza unakurudia.

Dawa ya kwanza ilikuwa butu. Kifaa kilisikiliza nani anaongea, kisha kikakata njia ya kurudi. Mwangwi ulikufa, lakini na mazungumzo yalijeruhiwa: ukimdakia mwenzako, maneno yako yalimezwa. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Maabara za Bell nchini Marekani, akiwemo Man Mohan Sondhi, walikuja na njia nyingine: usikate njia, ila utabiri mwangwi, kisha uutoe.

Kifuta mwangwi hukaa karibu na mahali mwangwi unapozaliwa, yaani upande wa dada. Sauti yako ikipita kuelekea kwake, kifaa huhifadhi nakala. Kisha hujiuliza: kwa nakala hii, ni kitu gani kitakachorudi? Hutengeneza mwangwi bandia na kuutoa katika sauti inayotoka upande wa dada. Kinachobaki ni sauti ya dada peke yake.

Kinajuaje mwangwi utakuwaje? Hujifunza kwa makosa yake. Tuseme umetoa sauti yenye kimo cha 100, na haibridi ya kule inarudisha 40. Mwanzoni kifaa hakijui lolote. Kinatabiri sifuri, na masalio ni 40. Kinasahihisha kwa nusu ya kosa: safari ya pili kinatabiri 20, masalio 20. Ya tatu kinatabiri 30, masalio 10. Kisha 5, kisha 2.5. Katika kazi halisi sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kifaa kinachofuatilia mwangwi wa milisekunde 32 husahihisha tarakimu 256 za namna hiyo kwa pamoja. Ndiyo maana wakati mwingine mwangwi husikika mwanzoni mwa simu kisha ukatoweka: kifaa kilikuwa bado kinajifunza.

Mtihani mgumu ni pale nyote wawili mnapoongea kwa wakati mmoja. Kifaa huisikia sauti ya dada, hudhani ni kosa lake, na kuharibu kila kilichojifunza. Kinga ya zamani ni rahisi: huchukuliwa kwamba haibridi hairudishi zaidi ya nusu ya kimo cha sauti. Kinachorudi kikizidi nusu, basi dada anaongea, na kifaa huacha kujifunza mpaka anyamaze.

Leo simu nyingi hazipiti tena angani. Tangu mwaka 2009 mikongo ya baharini imefika pwani ya Afrika Mashariki, na hata kilomita 15,000 za mkongo huchelewesha sauti kwa milisekunde 75 tu kwenda. Lakini ucheleweshaji umepata makao mapya. Simu ya mtandaoni hukusanya sauti vipande vipande, mara nyingi vya milisekunde 20, huvibana, huvituma, kisha huvisubirisha vilivyowahi ili vilivyochelewa vifike. Hivyo hata mtu wa mtaa wa pili anaweza kukurudishia mwangwi.

Na mwangwi wa sasa aghalabu hauzaliwi kwenye haibridi. Dada ameiweka simu mezani, spika imefunguliwa kwa nguvu. Sauti yako inatoka kwenye spika, inagonga ukuta, inaingia kwenye maikrofoni. Mwangwi wa chumba hudumu zaidi ya ule wa waya, na hubadilika kila mtu anaposogea au mlango unapofunguliwa, kwa hiyo kifaa hulazimika kujifunza upya. Spika ndogo ikikoroma, mambo huharibika zaidi, maana sauti iliyopotoka hailingani tena na nakala iliyohifadhiwa.

Kwa hiyo sauti yako ikikurudia, usiihangaikie simu yako. Mwombe mwenzako apunguze sauti, azime spika au avae spika za masikioni. Huenda akakushangaa, kwa kuwa yeye hasikii kasoro yoyote. Na ndivyo ilivyo: anayeweza kuuondoa mwangwi ni yule asiyeusikia.