Alama Mia Haziingii Katika Saa Mbili

Katika shule nyingi za sekondari mtihani wa muhula hupangwa kuanzia ratiba. Mwalimu wa taaluma anabandika ukutani kwamba Hisabati ya Kidato cha Pili ni saa mbili, karatasi iwe ya alama mia, kisha mwalimu wa somo anaachiwa kazi ya kutafuta maswali ya kujaza nafasi hiyo. Anachukua maswali kumi na manne kwa sababu mtihani wa taifa una kumi na manne, anahakikisha alama zinafika mia, na karatasi inakwenda kuchapwa. Hakuna aliyeuliza kama alama hizo mia zinaweza kupatikana ndani ya dakika 120.

Mara nyingi haziwezekani. Alama zinahesabu hatua ambazo msahihishaji ataziona kwenye karatasi, ilhali dakika zinaliwa pia na mambo asiyoyaona: kusoma swali, kulielewa, kujaribu njia isiyofaa na kuiacha. Swali jepesi lina mambo hayo machache sana. Swali gumu linaweza kuwa na hatua zilezile nne au tano za kuandika, lakini kabla ya hatua ya kwanza mwanafunzi amekaa dakika tano akitazama karatasi. Kwa hiyo alama moja ya swali gumu huchukua muda mrefu kuliko alama moja ya swali jepesi, na mtu anayegawa dakika kwa alama sawasawa tayari amekosea kabla hajaandika swali lolote.

Tuchukue maswali mawili ya Kidato cha Pili. La kwanza: tafuta thamani za x katika x² − 5x + 6 = 0. Lina alama 4, mbili za kutenganisha vigawo na mbili za majibu, 2 na 3. La pili: bustani ya mstatili ina urefu unaozidi upana wake kwa mita 3, na eneo lake ni mita za mraba 40, tafuta urefu na upana. Hili lina alama 7. Mwanafunzi anatakiwa auite upana w, aandike w(w + 3) = 40, aufikishe kwenye w² + 3w − 40 = 0, apate 5 na −8, aikatae −8 kwa kuwa upana haupungui sifuri, kisha aseme upana ni mita 5 na urefu mita 8. Sehemu ya kukokotoa ni ileile ya swali la kwanza. Kilichoongezeka ni kuyageuza maneno kuwa mlinganyo, na hapo ndipo dakika zinapokwenda. Kwa Tanzania kuna mzigo mwingine juu yake: swali limeandikwa kwa Kiingereza, na mtoto wa miaka kumi na mitano aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili atalisoma mara mbili au tatu kabla hajajua anaulizwa nini. Mwalimu aliyelitunga analisoma mara moja, tena analijua jibu.

Dakika hizo zinaweza kupimwa. Mwalimu akae na karatasi tupu, afungue saa ya simu, alifanye kila swali kwa kuandika hatua zote kama anavyozitaka kwa mwanafunzi, bila kuruka, mchoro ukiwemo. Muda alioutumia auzidishe. Kwa Kidato cha Pili kuzidisha mara tatu ni pa kuanzia pazuri. Darasa lenye shida zaidi litahitaji mara nne. Swali letu la mlinganyo mfupi lilimchukua mwalimu sekunde 80, yaani dakika 4 kwa mwanafunzi: dakika moja kwa kila alama. Swali la wastani, mfano kujaza jedwali la marudio na kutafuta wastani wa takwimu kwa alama 7, lilimchukua dakika tatu na nusu, nazo zikizidishwa zinafika dakika kumi na nusu: dakika moja na nusu kwa alama. Swali la bustani lilimchukua karibu dakika sita, kwa mwanafunzi kama kumi na saba na nusu: dakika mbili na nusu kwa alama.

Sasa mwalimu huyu anataka mchanganyiko ulio wa kawaida, asilimia 40 ya alama ziwe nyepesi, 40 za wastani na 20 ngumu. Kwa karatasi ya alama mia, nyepesi zitachukua dakika 40, za wastani 60, ngumu 50. Jumla ni dakika 150. Tukiweka dakika 10 za kusoma maelekezo na kupitia majibu, tunahitaji saa mbili na dakika arobaini. Ratiba ya ukutani ina saa mbili.

Namba hiyo, dakika 150 kwa alama mia, si ya ajabu ukiitazama mitihani ya taifa. Karatasi moja ya Hisabati ya KCSE nchini Kenya ina alama 100 kwa saa mbili na nusu. Tanzania, karatasi ya Hisabati ya Kidato cha Nne kwa muundo uliozoeleka ina maswali kumi ya alama 6 na manne ya alama 10, jumla mia, kwa saa tatu. Ni dakika moja na nusu kwa alama upande mmoja, karibu dakika moja na sekunde hamsini upande mwingine. Shule inapochukua maswali kumi na manne ya mtihani wa saa tatu na kuyaweka ndani ya saa mbili, inakuwa imekopa idadi ya maswali na kuuacha muda nyuma.

Mwalimu wetu afanyeje? Wazo linalomjia wengi ni kurahisisha. Tujaribu: nyepesi 60, wastani 30, ngumu 10. Dakika ni 60, 45 na 25, jumla 130. Bado haziingii katika 110 zilizobaki baada ya kutoa zile kumi, na sasa karatasi imeharibika kwa namna nyingine, kwani wanafunzi kumi wa juu watapata alama zinazofanana na hutajua nani anaweza kuunda mlinganyo kutoka kwenye maneno na nani amekariri njia tu. Njia ya pili ni kuacha maswali yaleyale na kupunguza alama zake, lakini kazi ni ileile na dakika ni zilezile. Namba zinabadilika kwenye kona ya karatasi, mwanafunzi hapati nafuu yoyote.

Kinachofaa ni kupunguza jumla ya alama na kuacha mchanganyiko ulivyo. Alama 70 zinagawanyika kuwa nyepesi 28, za wastani 28 na ngumu 14. Dakika zake ni 28, 42 na 35, jumla 105, nazo zinakaa ndani ya 110. Maswali yanakuwa saba mepesi ya alama 4, manne ya wastani ya alama 7, na mawili magumu ya alama 7: maswali kumi na matatu. Ripoti ikidai asilimia, gawa kwa 70 na uzidishe kwa 100. Sioni sababu ya shule kung'ang'ania karatasi yenyewe iwe na mia, wakati kikokotoo cha simu kinafanya kazi hiyo kwa sekunde moja.

Kwa nini kumi na matatu na si matano makubwa ya alama 14? Kwa sababu ya bahati. Maswali matano yanagusa mada tano, na aliyeisoma vizuri seti na logi lakini akazembea Pythagoras anaweza kuanguka au kung'ara kwa kutegemea tu mtungaji aliamkia wapi. Charles Spearman na William Brown, kila mmoja kwa kazi yake, walichapisha mwaka 1910 kanuni inayoonyesha jinsi uthabiti wa matokeo unavyopanda maswali ya aina moja yanapoongezwa. Mtihani wenye uthabiti wa 0.60 ukirefushwa mara mbili unafika 0.75, ukiurefusha mara mbili tena unafika kama 0.86 tu. Faida ipo, lakini inapungua kila unapoongeza, na kanuni hiyo inachukulia kwamba mwanafunzi amepewa muda wa kuyafikia maswali yaliyoongezwa. Swali lisilofikiwa halipimi kitu zaidi ya kasi ya mkono.

Mahali pa maswali magumu pia pana uzito. Yakiwekwa mwanzoni, mwanafunzi mwangalifu anayejibu kwa mpangilio atamaliza dakika 35 kwa alama 14 na kuzikosa nyepesi alizokuwa na uwezo nazo. Yawekwe mwisho. Na kama unataka kutoa nafasi ya kuchagua, kumbuka kwamba kuchagua nako ni kazi: anayetakiwa kujibu manne kati ya sita ana mawili ya kusoma na kuyapima bila alama yoyote, tena maswali sita hayawi na ugumu sawa hata mtungaji akijitahidi vipi.

Kabla ya mtihani, mwalimu aandike anachotarajia. Tuseme darasa litapata asilimia 80 ya alama nyepesi, 50 ya za wastani na 25 ya ngumu. Hiyo ni 22.4, 14 na 3.5, karibu alama 40 kati ya 70. Wastani halisi ukitoka 27, kuna maelezo mawili yanayotofautiana kabisa. Huenda maswali yalikuwa magumu kuliko yalivyodhaniwa, huenda muda ulikuwa mfupi, na jumla ya alama peke yake haitakwambia ni lipi.

Karatasi za majibu zitakwambia, ukitenganisha swali lililokosewa na swali lisiloguswa. Waliosoma taaluma ya upimaji wana kigezo cha zamani: muda unatosha kama karibu kila mtahiniwa amefika robo tatu ya karatasi na angalau asilimia 80 wamelifikia swali la mwisho. Kwa darasa la wanafunzi 45 na maswali 13, karibu wote wawe wamefika swali la kumi, na 36 wawe wameonyesha japo jaribio kwenye la kumi na tatu. Ukikuta wanafunzi ishirini wameliacha tupu, usiandike bado kwamba mada haikueleweka. Angalia swali la kumi na mbili, lenye ugumu uleule: kama wengi wa hao ishirini walilianza vizuri na likakatika katikati ya mstari, muda uliwaishia. Kama nalo ni tupu ilhali swali la nane wamelipitia upya kwa kalamu ya rangi nyingine, muda walikuwa nao, ujuzi ndio haukuwepo.

Kisha pitia maswali mepesi moja moja. Swali la alama 4 ambalo wastani wa darasa ni 1.4 limepata asilimia 35, kwa hiyo si jepesi hata kama uliliita hivyo, na dakika 4 ulizolipa hazikutosha. Lihamishie kundi la wastani kwenye daftari lako la maswali, andika pembeni muda mpya, na uipigie upya hesabu ya karatasi ya muhula ujao kabla mwalimu wa taaluma hajabandika ratiba yake ukutani.