Karatasi ya hesabu ya mtoto wa miaka sita

Mwezi wa Juni, muhula wa kwanza unapofungwa, wanafunzi wa darasa la kwanza wa Tanzania hukabidhiwa karatasi ya Kuhesabu. Wengi wao wana miaka sita au saba, na bado wanajifunza kusoma. Hapo ndipo ugumu wa kutunga mtihani huu unapoanzia. Mtoto anaweza kujua vizuri kwamba tano na mbili ni saba, lakini akakosa swali kwa sababu hakuelewa ametakiwa kufanya nini.

Tangu mtaala wa 2015, darasa la kwanza na la pili yamejengwa juu ya stadi tatu, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ambazo walimu huziita KKK. Mtunzi makini hujitahidi stadi hizo zisiingiliane kwenye karatasi ya hesabu. Anataka kupima kuhesabu, kwa hiyo maelezo yake yasimgeuzie mtoto kuwa mtihani wa kusoma.

Tazama maelezo kama haya: "Chunguza kwa makini picha zifuatazo, kisha andika idadi ya vitu vilivyomo katika kila kisanduku." Sentensi hiyo ina kazi tatu na maneno ambayo mtoto wa umri huu huenda hajawahi kuyasikia. Ikiandikwa "Hesabu maembe. Andika namba," kazi ni ileile na mtoto anaishika. Hata hivyo, mwalimu humsomea kila swali kwa sauti, mara mbili, na kusubiri darasa zima limalize kabla ya kuingia swali linalofuata. Mfano mmoja hufanywa ubaoni kwanza, ili anayeambiwa azungushie duara awe ameshaona duara hilo linavyochorwa.

Karatasi yenye alama 20 inatosha. Tuseme mwalimu ameigawa katika sehemu tano, na hakuna namba inayozidi 20, kwa kuwa hapo ndipo darasa lake lilipofika.

Sehemu A ina picha nne za kuhesabu, alama 4: maembe 5, samaki 9, vikombe 12 na kikapu kitupu, ambacho jibu lake ni 0. Vikombe vimepangwa kwa safu. Vikitawanywa, mtoto huhesabu kikombe kimoja mara mbili au akakiruka, hata kama namba anazijua. Sehemu B ni ya kuoanisha namba na picha, alama 4. Hapa kuna mtego unaowapata watunzi wengi. Namba nne zikipewa picha nne, mtoto aliyepata tatu hupata ya nne bila kufikiri, na aliyekosea moja hulazimika kukosea na nyingine. Dawa yake ni kuongeza picha ya tano isiyo na mwenzake.

Sehemu C inataka namba inayokosekana, alama 4: 4, 5, __, 7, kisha 11, 12, __, 14, kisha 9, 8, __, 6, na mwisho 18, 19, __. Sehemu D ina hesabu tano, alama 5: 3 + 4, 6 + 2, 5 − 2, 9 − 4 na 7 + 0. Watoto wanaruhusiwa kutumia vijiti au vizibo vya soda, kwani ndivyo walivyofundishwa. Sehemu E ni hadithi ambayo mwalimu anaisimulia: Asha alikuwa na maembe 8. Akampa Juma maembe 3. Amebaki na maembe mangapi? Hiyo ina alama 3, na chini yake kuna nafasi pana ya kuchora.

Mwongozo wa kusahihishia huandikwa siku hiyohiyo ya kutunga, kabla mtoto yeyote hajashika penseli. Kuandika majibu sahihi peke yake hakutoshi. Mwongozo lazima uamue mapema mambo yatakayomgawanya msahihishaji. Mtoto akiandika 5 au 3 iliyogeuka kama kwenye kioo, anapata alama, kwa sababu kugeuza tarakimu ni jambo la kawaida katika umri huu na idadi ameipata. Lakini 21 badala ya 12 haipewi alama, kwa kuwa hiyo ni namba nyingine kabisa. Kwenye hadithi ya Asha, alama 1 ni ya kuonyesha 8, alama 1 ya kuondoa 3, na alama 1 ya jibu. Aliyeandika 5 bila kuchora chochote anapewa zote 3, maana hakuna aliyemwambia ni lazima achore.

Sasa tuchukue karatasi ya mtoto mmoja wa mfano. Vikombe 12 ameviandika 102. Kikapu kitupu amekiacha wazi. Baada ya 11 na 12 ameweka 103. Kwenye 3 + 4 amejibu 6, na kwenye 6 + 2 amejibu 7. Mengine yote amepata, kwa hiyo ana 15 kati ya 20.

Makosa hayo matano yana vyanzo vitatu tu. Mtoto huyu anaandika namba kama anavyoisikia: kumi, 10, na mbili, 2, basi 102. Anajua vikombe ni vingapi, ila hajajua kwamba nafasi ya tarakimu ndiyo inayobeba kumi. Kwenye kujumlisha anaanza kuhesabu na namba aliyonayo tayari: tatu, nne, tano, sita. Amehesabu hatua nne, lakini ile tatu ameihesabu upya, ndiyo maana kila jibu limepungua moja. Kutoa hakumsumbui, kwani anaondoa vizibo na kuhesabu vilivyobaki. Na sifuri bado haioni kuwa ni jibu.

Mwenzake naye ana 15. Amepata A, C na D zote, akapoteza alama 2 kwenye kuoanisha na zote 3 za hadithi. Huyu hesabu za tarakimu anaziweza. Inawezekana hakusikia hadithi iliposimuliwa, au hakutambua kwamba "kumpa" kunadai kutoa. Mistari yake ya kuoanisha huenda imeishia katikati ya picha mbili. Karatasi haiwezi kueleza lipi ni lipi, kwa hiyo mwalimu humwita mezani na kumsimulia hadithi upya akiwa na vizibo 8 mkononi. Dakika mbili zinatosha.

Kwa darasa lenye wanafunzi 45, ambao ndio uwiano wa serikali kwa mwalimu mmoja wa msingi, na madarasa mengi huuzidi, hakuna nafasi ya kumwita kila mtoto. Ndiyo sababu ni muhimu kuandika alama za kila sehemu katika safu yake, A hadi E, badala ya jumla peke yake. Ukishuka na safu ya A unawaona wote walioyumba pale, na karatasi zao zikikusanywa, wenye 102 hujitokeza pamoja.

Kundi hilo hufunga vijiti kumi kwa mpira, likaweka viwili pembeni, kisha likaandika 1 chini ya makumi na 2 chini ya mamoja. Baada ya wiki moja mwalimu huwatajia namba tano kwa sauti, kama 11, 14, 17, 12 na 20, nao huziandika. Anayeandika 104 tena hurudishwa kwenye vijiti, na aliyepata zote tano huendelea na darasa.