Hongera, Mwenyekiti: kumpongeza rafiki bila kuvaa sare ya chama

Uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania hufanyika kila baada ya miaka mitano, na wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Wanaogombea siku hiyo ni watu tunaokutana nao kila siku: fundi cherehani, mwalimu mstaafu, mama mwenye genge pale kona. Lakini hakuna anayeruhusiwa kugombea peke yake. Hata nafasi ya mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji inataka udhamini wa chama cha siasa, na hapo ndipo tabu ya pongezi inapoanza. Aliyeshinda ni rafiki yako, ila jina lake lilikuja na bendera. Ukimpongeza vibaya, jirani aliyepigia kura upande wa pili anahesabu kwamba na wewe umo.

Tumchukue rafiki mmoja wa kufikirika. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na kwa muda mrefu amekuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama. Jioni ya kura ametangazwa mwenyekiti wa mtaa. Kundi la WhatsApp la mtaa linawaka moto, na humo ndani yumo pia mpinzani wake, pamoja na mke wa mpinzani wake. Mtu mmoja kwa furaha zake anaandika hivi:

"Makubwa! Kumbe inawezekana! Hatimaye tumeshinda, wamekoma. Mungu ni mkubwa. Hongera dada, usitusahau huko juu."

Mwandishi wa ujumbe huu hana nia mbaya, lakini karibu kila neno lina mwiba. "Kumbe" ni neno la mtu aliyegundua asilolitarajia. Yaani hadi jana alijua dada huyu hawezi. "Hatimaye" inamkumbusha kila aliyewahi kumwona akishindwa. Hata "Mungu ni mkubwa", maneno mazuri kabisa, tumezoea kuyasema mgonjwa akitoka salama chumba cha upasuaji au gari likipinduka watu wakapona. Kwa mtu aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuomba kura, yanaweza kusikika kana kwamba ushindi wake ni muujiza. Kama unataka kumtaja Mungu, na wengi wetu tunataka, mwombee: "Mungu akuongoze katika kazi hii." Dua ya mbele haina mshangao ndani yake.

Kuhusu upande, angalia kiambishi tu. "Umeshinda" ni habari. "Tumeshinda" ni kadi ya chama. "Wamekoma" sina haja ya kuieleza. Kuna na maneno mengine yanayopita kimyakimya: kaulimbiu za kampeni, salamu za chama, mioyo ya rangi ya kijani au bluu mwishoni mwa ujumbe. Unaweza kudhani umeweka urembo, kumbe umepandisha bendera.

Halafu lipo jambo gumu zaidi, nalo ni kuupa uchaguzi wenyewe cheti. Watu hupenda kuandika "umeshinda kwa haki" au "wananchi wote wamekukubali". Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa vikilalamika kwamba wagombea wao wameenguliwa, na maelfu ya viongozi wakapita bila kupingwa. Mwaka 2024 malalamiko ya kuenguliwa yalirudi, na matokeo rasmi yakaipa CCM zaidi ya asilimia 98 ya mitaa na vijiji. Una maoni yako juu ya hayo, na jirani ana yake. Ujumbe wa pongezi si mahali pa kuyaamua, kwa upande wowote ule. Wapo wanaochomekea kejeli, "hongera, ingawa sote tunajua ilivyokuwa", wakidhani wamejitoa kwenye lawama. Huko ni kuchukua upande vilevile. Kama dhamiri yako haikuruhusu kupongeza, kaa kimya; rafiki wa kweli atauelewa ukimya wako, na mtazungumza ana kwa ana.

Sasa useme nini? Usipongeze kura, pongeza mtu na kazi. Kazi ya mwenyekiti wa mtaa inajulikana: kuongoza mikutano ya wakazi na kamati ya mtaa, kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa kiwanja na maji machafu, kushughulikia ulinzi, kusikiliza hodi za usiku. Rafiki yetu ana sifa inayoingia moja kwa moja humo: ameshika fedha za wenzake na hesabu ikatimia. Ukiitaja sifa hiyo, mshangao unatoka wenyewe, maana unaonyesha ulimjua kabla ya kura. Na hata mke wa mpinzani, aliyeweka akiba katika kikoba hichohicho, hawezi kuikataa. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Hongera sana dada, na pole na pilika za kampeni. Tangu kwenye kikoba tunajua unavyoshika hesabu na unavyosikiliza watu. Mungu akupe afya na busara ya kututumikia sote hapa mtaani."

Hiyo "pole" ina kazi kubwa. Tumezoea kuziunganisha hongera na pole, kama tunavyofanya kwa mama aliyejifungua, kwa sababu jambo zuri nalo lina uchovu wake. Katika uchaguzi ina faida ya ziada: unaweza kumpa na aliyeshindwa. "Pole na pilika za kampeni, kaka, kazi umeifanya" inafika vizuri kuliko "pole kwa kushindwa", ambayo ni kumsomea matokeo mara ya pili. Mtumie siku hiyohiyo, faragha. Akija kujua umewaandikia wote wawili, hakuna cha kuficha.

Ujumbe wa mshindi nao upeleke kwenye simu yake kwanza. Katika kundi la mtaa inatosha "Hongera, mwenyekiti wetu", ukishahakikisha matokeo yametangazwa rasmi kituoni na si tetesi za bodaboda. Kama mwenyewe ameandika kaulimbiu ya chama chake, ni haki yake. Wewe si lazima uitikie. Mwalimu, muuguzi au mtendaji awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa mtumishi wa umma hatakiwi kuonyesha upendeleo wa chama kazini. "Hongera" haimponzi. Picha akiwa na skafu ya chama ofisini inaweza kumponza.

Tuzo haina chama, lakini mshangao unapenya vilevile. Mfanyakazi hodari wa Mei Mosi anashuka jukwaani na bahasha yake, mwenzake anamwambia, "Leo na wewe!" Mtajie kazi aliyoifanya, yatosha.

Limebaki lile "usitusahau huko juu". Wengi huliandika kwa utani, na mshindi hulisoma kama foleni ya kwanza ya wenye shida. Huyu ndiye sasa atakayegongewa mlango kwa ajili ya barua ya utambulisho, dhamana ya kijana aliyekamatwa na ugomvi wa urithi. Kama na wewe una barua unayoitaka, fuata utaratibu ofisini siku nyingine. Ujumbe wa leo uishie kwenye hongera.